Kutoka Kauntabuku Hadi Lahajedwali: Salio la Kuanzia Katika Duka Moja la Vifaa vya Ujenzi

Duka linalozungumzwa hapa ni la vifaa vya ujenzi, liko pembezoni mwa mji wa Morogoro, na lina bidhaa zipatazo 140, kuanzia saruji na nondo hadi bawaba na misumari. Hesabu zake zilikuwa katika kauntabuku tatu: moja ya mali, moja ya mauzo ya kila siku na moja ya madeni. Kauntabuku ya mali iligawiwa kurasa kwa bidhaa, na kila ukurasa ulikuwa na safu za tarehe, imeingia, imetoka na imebaki. Mwenye duka, ambaye siku nyingi huwa safarini kufuata mzigo Dar es Salaam, alitaka aweze kuona kwenye simu kilichobaki dukani, kwa hiyo akaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2024 mali iandikwe katika lahajedwali la Google Sheets.

Wazo la kwanza la muuzaji wake lilikuwa lile ambalo wengi huanza nalo: kufungua kila ukurasa wa kauntabuku, kutazama namba ya mwisho katika safu ya imebaki, na kuihamishia kwenye kompyuta. Kazi hiyo ingemalizika kwa jioni moja. Tatizo ni kwamba safu ya imebaki haisemi kilichopo stoo, bali inasema kile ambacho kingekuwepo iwapo kila kilichoingia na kutoka kingeandikwa na kila kutoa na kujumlisha kungefanywa sawasawa. Kuinakili ni kuhamisha makosa ya miaka kadhaa na kuyapa sura mpya iliyo nadhifu, ambayo watu huiamini zaidi kuliko walivyoiamini karatasi. Salio la kuanzia hutokana na kuhesabu mali yenyewe kwa mkono, na kazi ya kauntabuku ni kuwa shahidi wa pili ambaye maneno yake hulinganishwa na kilichoonekana.

Kabla ya kuhesabu, mpangilio wa lahajedwali uliamuliwa, kwa sababu ndio unaoonyesha ni kitu gani hasa kinachopaswa kuhesabiwa. Ziliwekwa karatasi mbili za msingi. Ya kwanza, BIDHAA, ina mstari mmoja kwa kila bidhaa: msimbo, jina, kipimo na salio. Ya pili, MIAMALA, ina mstari mmoja kwa kila tukio: tarehe katika safu ya A, msimbo katika B, aina ya muamala katika C, kiasi kilichoingia katika D, kilichotoka katika E, bei ya kununulia kwa kipimo kimoja katika F, na maelezo katika G. Safu za kuingia na kutoka ziliachwa kama zilivyokuwa katika kauntabuku, ili muuzaji asilazimike kujifunza namna mpya ya kufikiri pamoja na chombo kipya.

Suala lililojadiliwa kwa muda mrefu zaidi lilikuwa ni wapi salio la kuanzia litaandikwa. Njia inayoonekana rahisi ni kuliandika moja kwa moja katika karatasi ya BIDHAA, kwenye safu yake yenyewe, na kuliongeza ndani ya fomula. Njia hiyo hufanya kazi hadi siku ambayo mtu, akiona salio halilingani na stoo, anapoibadilisha namba ile ya mwanzo ili mambo yakae sawa. Haibaki tarehe wala sababu, na hakuna atakayejua kwamba namba iliguswa. Hapa iliamuliwa kwamba salio la kuanzia liwe muamala wa kwanza wa kila bidhaa, wenye tarehe 1 Julai 2024 na aina inayoitwa MWANZO, ukiwa katika safu ya kuingia kama mzigo mwingine wowote. Kwa mpangilio huo salio la bidhaa iliyo katika mstari wa 2 hupatikana kwa fomula moja tu, isiyohitaji kujua chochote kuhusu mwanzo:

```
=SUMIFS(MIAMALA!D:D,MIAMALA!B:B,A2)-SUMIFS(MIAMALA!E:E,MIAMALA!B:B,A2)
```

Fomula hii hutafuta msimbo ulivyo. Herufi kubwa na ndogo haizitofautishi, lakini nafasi moja iliyoachwa mwishoni mwa msimbo hutosha kuufanya mstari usihesabiwe, nao hupotea bila onyo lolote. Ndiyo maana safu ya msimbo iliwekewa orodha ya kuchagua, kupitia Data > Data validation, badala ya kuandikwa kwa mkono kila mara.

Kisha kikaja kipimo, na hapa ndipo kauntabuku ilipokuwa dhaifu kuliko mahali pengine popote. Ukurasa wa misumari ya inchi 4 ulikuwa na safu ya kuingia iliyoandikwa kwa katoni, safu ya kutoka iliyoandikwa kwa kilo, na safu ya imebaki iliyosema "2½" bila neno lolote la kufuatia. Muuzaji alijua kwamba ni katoni mbili na nusu, lakini alijua kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika. Lahajedwali halina mtu wa kuuliza. Kanuni iliyofuatwa ni kwamba kila bidhaa hupewa kipimo kimoja tu, nacho ni kile kidogo kabisa kinachouzwa kwa mteja: misumari ni kilo, saruji ni mfuko, nondo ni kipande. Katoni ya misumari ya kilo 25 ikinunuliwa huandikwa kama 25, si 1. Rangi ya ndoo ya lita 20 na rangi hiyohiyo ya kopo la lita 4 zilipewa misimbo miwili, kwa sababu duka halifungui ndoo ili kuuza kwa kopo. Kama lingekuwa linafungua, kipimo sahihi kingekuwa lita.

Bei nayo lazima ifuate kipimo. Katoni ya misumari ilinunuliwa kwa shilingi 70,000, kwa hiyo bei ya kilo ni 2,800. Anayeandika kilo katika safu ya kiasi na kuacha bei ya katoni katika safu ya bei atapata misumari ya kilo 64.5 yenye thamani ya shilingi 4,515,000 badala ya 180,600. Kosa hili hugundulika haraka ukizipanga bidhaa kwa thamani, kubwa juu: misumari ikiipita saruji katika duka la ukubwa huu, basi bei na kipimo haviongei lugha moja.

Kuhesabu kulifanyika Jumapili, tarehe 30 Juni, duka likiwa limefungwa. Watu wawili walihesabu kila rafu, mmoja akihesabu na kutaja, mwingine akiandika kwenye karatasi za hesabu ambazo kwa makusudi hazikuwa na namba za kauntabuku. Ni jambo dogo lakini lina uzito, kwa sababu mtu anayejua kwamba kitabu kinasema 118 huziona 118 hata zikiwa 111. Risiti za mwisho za Jumamosi, za mauzo na za manunuzi, ziliwekwa kando na kuwekewa alama, ili ijulikane wazi kwamba kila kilicho kabla yake ni cha kauntabuku na kila kilicho baada yake ni cha lahajedwali.

Saruji ilitoa fundisho kubwa kuliko bidhaa zote. Stoo ilikuwa na mifuko 99, na kauntabuku ilisema 67. Mtu asiyelijua duka angefurahia ziada ya mifuko 32. Lakini katika biashara hii mteja anayejenga hulipia mifuko mingi kwa mkupuo, bei isije ikapanda, kisha huja kuichukua kidogo kidogo kadiri fundi anavyoendelea. Duka hili huandika mauzo siku ya malipo, na risiti hutolewa siku hiyo, kwa hiyo mifuko 32 iliyokuwa imelipiwa na wateja wawili na haijachukuliwa si mali ya duka, ingawa iko chini ya paa lake. Zaidi ya hiyo, mifuko mitatu ilikuwa imeganda kwa unyevu wa ukutani. Hesabu ikafunga barabara: 99 ukitoa 32 za wateja ni 67, ukitoa 3 zilizoganda ni 64. Salio la kuanzia la saruji ni 64. Ile 32 ilipelekwa katika karatasi ya tatu, iliyoitwa AMANA, yenye jina la mteja, tarehe aliyolipa, kiasi alicholipia na kiasi alichokwisha kuchukua. Bila karatasi hiyo kila hesabu ya stoo ya baadaye ingekuwa ugomvi.

Nondo za milimita 12 zilikuwa kinyume chake. Kauntabuku ilisema vipande 118, stoo ikaonyesha 111. Kauntabuku ya madeni ilipopekuliwa, zilipatikana nondo 5 zilizokopeshwa katikati ya Juni, ambazo deni lake liliandikwa lakini hazikutolewa katika ukurasa wa mali. Mbili zilizobaki hazikupata maelezo. Baadhi ya wahasibu wangeandika 118 kama MWANZO na kuongeza mstari wa pili wa kutoa 7, ili historia yote ionekane mahali pamoja. Kwa kampuni yenye vitabu vya hesabu vilivyofungwa na kukaguliwa njia hiyo ina sababu zake. Kwa duka hili naona si sahihi, kwa kuwa upungufu huo ni wa kipindi cha karatasi, na ukiingizwa Julai unakuwa mzigo wa Julai. Gharama ya mali iliyouzwa katika mwezi hupatikana kwa kuchukua mali ya mwanzo, kuongeza manunuzi na kutoa mali ya mwisho. Nondo 7 hewa katika mwanzo, kwa bei ya kununulia ya shilingi 24,000, zingeonyesha kwamba Julai ilimeza shilingi 168,000 ambazo hakuna aliyeziuza. Na wa kwanza kuulizwa angekuwa muuzaji.

Kwa hiyo MWANZO wa nondo ni 111, na tofauti iliandikwa katika karatasi ya nne, TOFAUTI, ambayo haiunganishwi na fomula yoyote: namba ya kauntabuku, namba iliyohesabiwa, tofauti, na kilichogunduliwa. Mstari wa nondo unasema 118, 111, pungufu 7, tano ziko kwenye madeni, mbili hazijulikani. Mstari wa saruji unasema 67, 64, pungufu 3, zimeganda. Mwenye duka alitia sahihi nakala iliyochapishwa ya karatasi hiyo, na kauntabuku zenyewe zikafungwa na kuhifadhiwa, kwa sababu sheria ya usimamizi wa kodi ya Tanzania inataka nyaraka za biashara zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5.

Misumari haikuhesabiwa Jumapili, kwani mizani ilikuwa imeazimwa. Iliwekwa kwenye mizani Jumatatu jioni, baada ya siku nzima ya mauzo, na swali likawa ikiwa namba ya Jumatatu jioni inaweza kuwa salio la kuanzia la Jumatatu asubuhi. Haiwezi, lakini inaweza kurudishwa nyuma. Zilipatikana katoni 3 ambazo hazijafunguliwa na kilo 8 katika katoni iliyo wazi, misumari ikipimwa bila boksi lake, yaani kilo 83. Siku hiyo zilikuwa zimeuzwa kilo 6.5, na katoni moja ya kilo 25 ilikuwa imepokelewa. Ili kurudi asubuhi, kilichouzwa huongezwa na kilichopokelewa hutolewa: 83 + 6.5 − 25 = 64.5. Muamala wa MWANZO ukaandikwa 64.5, na mauzo na mapokezi ya Jumatatu yakaandikwa kama miamala ya kawaida. Mtu akisahau kurudisha nyuma, akaandika 83 kama MWANZO kisha akaingiza pia miamala ya siku hiyo, lahajedwali litaonyesha kilo 101.5.

Kauntabuku ilikuwa imesema katoni mbili na nusu, yaani kilo 62.5, kwa hiyo misumari ilikuwa na ziada ya kilo 2. Ziada si ya kushangilia. Katika bidhaa inayopimwa, ziada huashiria ama mauzo yaliyoandikwa kwa kukadiria, ama wateja wanaopunjwa kwenye mizani, na mwenye duka alilichukua jambo hilo kwa uzito kuliko zile nondo mbili.

Kuhusu thamani, salio la kuanzia hubeba bei ya kununulia na si bei ya kuuzia, vinginevyo faida ambayo haijapatikana itahesabiwa kama mali. Ugumu hutokea bidhaa moja inapokuwa imenunuliwa kwa bei mbili. Saruji ya mwisho ilinunuliwa mifuko 50 kwa shilingi 15,800 kila mmoja, na ya kabla yake kwa 15,200. Kwa kuwa duka hutoa kwanza mfuko ulioingia kwanza, mifuko 64 iliyobaki ni ile 50 ya mwisho yote, pamoja na 14 ya mzigo uliotangulia. Badala ya kutafuta wastani, iliandikwa mistari miwili ya MWANZO:

```
01/07/2024  SRJ-01  MWANZO  50  -  15800
01/07/2024  SRJ-01  MWANZO  14  -  15200
```

Fomula ya salio huijumlisha yote miwili bila matatizo, na thamani yake ni shilingi 790,000 na 212,800, jumla 1,002,800. Bei hizo zinajumuisha nauli ya lori na ujira wa kushusha, kwa sababu manunuzi ya baadaye nayo yataandikwa hivyohivyo. Jambo la kuepuka ni mwanzo usio na nauli na manunuzi yenye nauli. Duka halijasajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani, hivyo kodi iliyolipwa wakati wa kununua ni sehemu ya gharama. Duka lililosajiliwa, ambalo hurejeshewa kodi hiyo, lingeiondoa kwanza.

Baada ya miamala yote ya MWANZO kuingizwa, jumla yake ililinganishwa na jumla iliyopatikana kwa kikokotoo kutoka kwenye karatasi za hesabu zenyewe:

```
=SUMPRODUCT((MIAMALA!C2:C500="MWANZO")*MIAMALA!D2:D500*MIAMALA!F2:F500)
```

Mara ya kwanza fomula ilitoa #VALUE!, na sababu ilikuwa seli moja iliyoandikwa "12 kg" badala ya 12; neno likiingia katika safu ya namba, kuzidisha hushindikana. Ilipotengenezwa ikatoa 18,292,500, wakati karatasi zilisema 18,463,500. Pungufu ni 171,000. Namba hiyo hugawanyika kwa 9 bila kubakiza, na tofauti ya namna hiyo mara nyingi hutokana na tarakimu mbili kubadilishana nafasi. Msako ukaelekezwa huko, na mabomba ya plastiki yakaonekana yameandikwa 24 badala ya 42: vipande 18 kwa shilingi 9,500 ndiyo hiyo 171,000.

Kosa moja halikuonekana katika jumla hizo, nalo lilikuwa la tarehe. Lahajedwali lilikuwa limefunguliwa kwa mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi, kwa hiyo 01/07/2024 ilisomwa kuwa tarehe 7 Januari. Salio la leo halikuathirika, kwani fomula yake haiangalii tarehe, lakini mwenye duka alipotaka kuona miamala ya Julai pekee, mwanzo wote ulikuwa umetoweka. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo kwa mwenye jicho: kuanzia tarehe 13, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, tarehe zilibaki kuwa maandishi na kuegemea upande wa kushoto wa seli, ilhali zilizosomwa kama tarehe, ziwe sahihi au zilizogeuzwa, huegemea kulia. Mpangilio ulibadilishwa katika File > Settings > Locale na kuwekwa United Kingdom, kisha tarehe zote zilizokwisha kuingia ziliandikwa upya, maana kubadilisha mpangilio hakurekebishi zile ambazo tayari zimegeuzwa.

Kwa majuma mawili ya kwanza kauntabuku na lahajedwali viliandikwa sambamba. Kitu kilichotazamwa kila jioni ni salio hasi, kwa sababu stoo haiwezi kuwa na ndoo pungufu ya sifuri. Rangi nyeupe ya kopo ilipofika −3, swali la kwanza lilikuwa kama MWANZO wake ulisahauliwa. Haukusahauliwa. Muuzaji alikuwa akichagua msimbo wa kopo alipouza ndoo, kwa hiyo ndoo nazo zilikuwa na ziada ileile ya tatu. Hasi na ziada zinazolingana katika bidhaa mbili za jina moja ni dalili ya msimbo, na hapo salio la kuanzia halina hatia.

Mistari ya MWANZO ilifungwa tarehe 15 Julai kupitia Data > Protect sheets and ranges, ikabaki mikononi mwa mwenye duka peke yake. Kuanzia siku hiyo kosa lolote la mwanzo litakalogunduliwa halifutwi, bali huongezewa mstari wa aina ya REKEBISHO wenye tarehe ya kugunduliwa na sababu. Hadi mwisho wa mwezi uliandikwa mmoja tu: bawaba za mlango, jozi 6 zilizokuwa nyuma ya mabati na ambazo hakuna aliyezihesabu Jumapili ile. Tarehe 31 Julai zilihesabiwa upya bidhaa 10 zenye thamani kubwa zaidi. Tisa zililingana na lahajedwali. Nondo za milimita 12 zilipungua kipande kimoja, na safari hii kulikuwa na kipindi cha mwezi mmoja tu cha kutafuta, kuanzia mwanzo ambao kila mtu dukani aliuona ukihesabiwa.